Kubingirika mbele: anza na kubembea, kichwa kiwe abiria

Kila nikimaliza mazoezi ya jioni na watoto, hakosekani mzazi au mwalimu mwenzangu wa kuniuliza moja kati ya haya: mtoto aanze akiwa na umri gani? Godoro la kitandani linafaa? Na kwa nini mwanangu akijaribu anatua kwa utosi, au anakwenda upande kama gunia lililoanguka kwenye toroli? Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeandika hapa utaratibu ninaoufuata mwenyewe uwanjani, hatua kwa hatua.

Watoto wengi huliita zoezi hili kichwangomba, na jina lenyewe ndilo linalowaponza. Wanadhani ni kazi ya kichwa. Wanainama, wanaweka utosi chini, kisha wanarusha miguu. Kumbe mwili unabebwa na mikono, unapokewa na mabega, na unazungushwa na mgongo uliojikunja. Kichwa ni abiria tu.

Miaka yangu ya mwanzo nilifundisha kinyumenyume. Nilikuwa nawaambia, "Inama, weka kichwa, jisukume." Siku moja mvulana mmoja alipinduka, akakaa kitako, akashika shingo na kunyamaza. Kwa siku mbili alikuwa akigeuka na mabega yote kama aliyevaa sanduku. Alipona, lakini mimi sikurudia tena. Tangu hapo naanza na mwisho wa zoezi, yaani kubembea kwa mgongo, na mtoto haweki kichwa chini mpaka mgongo wake uwe umeshajifunza kuwa gurudumu.

## Kabla ya kuanza

Andaa vitu hivi:

- Mahali pa kubingirikia penye urefu wa hatua tatu au nne na nafasi ya wazi kila upande.
- Mteremko mdogo, kwa ajili ya hatua ya tano.
- Majani ya mwembe, au soksi zilizokunjwa. Matumizi yake utayaona mbele.
- Mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kusaidia tu, si kusimamia foleni.

Mahali. Ukoka uliokatwa juu ya udongo usio mkavu sana ni mahali pazuri kabisa. Upite kwa miguu mitupu kabla ya watoto. Mguu wako utakuonyesha mbigili, vikokoto, vigae na vipande vya chupa ambavyo macho hayavioni. Angalia pia njia za siafu. Umande wa asubuhi hufanya viganja viteleze, kwa hiyo subiri jua likaushe. Ukitandika mkeka juu ya nyasi, uvute pembe zote na uweke mzigo kwenye kingo mbali na njia ya mtoto, kwa sababu mkeka unaokimbia mikono ikiwa imeubonyeza humwangusha mtoto kwa uso. Turubai la plastiki sitaki kuliona hapa. Linateleza.

Sasa lile swali la godoro. Godoro la sponji la kitandani, lile nene, silipendi, ingawa watu wengi hulidhania ndilo salama zaidi. Mikono ikizama ndani, mtoto anakosa cha kusukuma, kichwa nacho kinazama na kunaswa wakati mwili unaendelea kwenda mbele. Hapo ndipo shingo inapokunjwa vibaya. Unachotaka ni kitu kigumu kiasi, chenye unene wa sentimita tatu hadi tano. Kibonyeze kwa ngumi na uzito wako: ngumi ikigusa sakafu, ni chembamba mno, ikizama hadi kwenye kifundo cha mkono, ni laini mno. Kama huna kingine zaidi ya godoro laini, litumie kwa kubembea tu, na kubingirika ukafanyie kwenye ukoka.

Umri. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na mikono mifupi. Akinyoosha mikono juu, viganja vinapita utosi kidogo tu, hivyo akiiweka chini, kichwa lazima kiguse sakafu hata akifanya kila kitu sawasawa. Mimi hutumia kipimo ambacho wazee wetu walipimwa nacho siku ya kuandikishwa shule: pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Akilishika vizuri, mikono yake ina urefu wa kutosha kukibeba kichwa. Asipolifikia, afanye hatua nne za kwanza, acheze na kufurahi, na kubingirika kwenyewe kusubiri au kufanyike kwenye mteremko akiwa ameshikwa na mtu mzima.

Nani asifanye. Mtoto aliyewahi kuumia shingo au mgongo, mwenye kifafa, au anayeumwa kichwa au sikio siku hiyo, apumzike. Na hili nalisema kwa msisitizo: mtoto mwenye sindromu ya Down asibingirike mpaka daktari amchunguze na kuruhusu. Baadhi yao wana kiungo kilicholegea kati ya pingili mbili za juu za shingo, na shingo ikikunjwa kwa nguvu, uti wa mgongo unaweza kubanwa. Mara nyingi kwa nje huoni dalili yoyote.

Mavazi. Shati lichomekwe, mifuko iwe mitupu. Ondoa vibanio, shanga za nywele, hereni na saa. Fundo la nywele kisogoni linafanya kazi kama jiwe, kwa hiyo nywele zifungwe chini shingoni au zisukwe zilale. Anayevaa hijabu aivae ile ya kuvuta isiyo na pini, na ncha zake ziingizwe ndani ya nguo. Na mtoto aliyetoka kunywa uji sasa hivi asubiri kwa muda wa kama saa mbili, la sivyo uji utarudi ulikotoka.

Pasheni viungo kwa dakika tano au zaidi: kukimbia polepole, kuzungusha mabega, kukunja na kunyoosha vifundo vya mikono, na kupeleka kidevu kifuani taratibu. Usiwazungushe watoto vichwa mduara mzima kwa kasi. Hakuna faida, na kizunguzungu kitaanza kabla ya zoezi.

## Hatua zenyewe

1. Umbo la jongoo. Mtoto akae kitako, akunje magoti, visigino vikaribie makalio. Akumbatie miundi kwa mikono, kidevu kiguse kifua, macho yatazame kitovu. Mgongo uwe duara kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Watoto wote wanajua jongoo akiguswa anafanya nini, kwa hiyo nawaambia tu, "Nimekugusa!" na nawagusa bega mmoja mmoja.

Pitisha kiganja chako kwenye mgongo wa mtoto, ukiwa umemwambia kwanza kwamba utamgusa mgongoni. Ukihisi bonde pale kiunoni, bado hajajikunja. Mwambie avute tumbo ndani, kama anayevaa suruali inayombana. Akae hivyo mpaka uhesabu kumi, apumzike, arudie mara tatu.

*Kosa la kawaida:* kukumbatia magoti kwa nguvu huku kidevu kimeinuka. Mikono inakunja miguu lakini mgongo unabaki ubao.

2. Kubembea. Akiwa na umbo lilelile, ajiachie nyuma taratibu mpaka mabega yaguse chini, kisha arudi kukaa. Ni kubembea tu, nyuma na mbele, kama mtumbwi kwenye maji yaliyotulia. Kichwa kisiguse chini. Kikigusa, kidevu kimeachia kifua.

Hapa ndipo jani la mwembe linapoingia. Mpe mtoto jani moja, alibane kati ya kidevu na kifua, abembee mara kumi bila kuliangusha. Mjini kusiko na mwembe, soksi iliyokunjwa inatosha. Jani lina thamani kwa sababu linamsahihisha mtoto papo hapo bila wewe kusema neno. Mara ya tatu au ya nne linadondoka, analitazama, anaelewa mwenyewe ni wakati gani aliinua kidevu. Mara nyingi ni pale anaporudi mbele, anapotaka kuona kama wenzake wanamwangalia.

Tumia masikio pia. Mgongo wa duara hautoi sauti. Unasikia nyasi tu zikilala. Mgongo wenye bonde unapiga *puu!* kila unapopita kiunoni, kama tairi lenye upande uliopoteza upepo. Nikiwa na watoto 20 wanabembea pamoja, nafumba macho na kusikiliza, najua kuna puu ngapi. Usiende hatua ya tatu ukiwa bado unasikia puu.

Hatua hii ipe muda. Mimi huitumia vipindi viwili kamili vya dakika 40, nikichanganya na michezo mingine ili wasichoke. Walimu wengi huipitia kwa dakika tano, kisha wanatumia mwezi mzima kupambana na makosa ambayo kubembea kungeyamaliza.

3. Kubembea mpaka kusimama. Sasa aachie miundi. Abembee nyuma kwa nguvu kidogo zaidi, makalio yainuke, kisha arudi mbele kwa kasi. Miguu ikikaribia kugusa chini, avute visigino karibu kabisa na makalio, anyooshe mikono mbele kama anayepokea sahani, asimame bila kugusa chini kwa mikono.

Mtoto akikwama, usimwambie "jitahidi". Angalia visigino. Vikitua mbali na makalio, hata mtu mzima mwenye nguvu hasimami, kwa sababu uzito wote unabaki nyuma ya miguu. Mwekee soksi iliyokunjwa kati ya mapaja na tumbo: isidondoke mpaka pale anapoanza kusimama. Vinginevyo, simama mbele yake na umpe mikono aishike anapofika. Siku ya kwanza utamvuta kidogo, siku ya pili utampa vidole tu, siku ya tatu ondoa mikono wakati anaitafuta. Atasimama kabla hajagundua.

4. Mikono ibebe mwili. Hatua hii haifanani na kubingirika, na ndiyo maana inarukwa. Mtoto achuchumae, aweke viganja chini kwa upana wa mabega, vidole vitazame mbele na vitanuke. Aruke kama sungura: makalio yainuke, miguu iondoke chini kidogo, uzito uwe mikononi kwa muda mfupi, kisha atue kwa miguu taratibu. Mara tano, apumzike, mara tano tena.

Viwiko vikilegea na uso ukakaribia nyasi, mikono bado haiwezi kazi inayokuja. Arudie sungura kwa siku kadhaa. Asipojifunza kuamini mikono yake hapa, huko mbele atatafuta kitu kingine cha kujishikiza, na kitu chenyewe ni kichwa.

5. Kubingirika kwenye mteremko. Tafuta mteremko mpole: kwa hatua mbili za mtu mzima, ardhi ishuke kama shibiri moja. Ukingo wa uwanja mara nyingi unatosha. Ukishuka zaidi ya hapo, mtoto anapata kasi asiyoiweza. Mteremko unafanya kazi ya kusukuma, hivyo mtoto anabaki na kazi moja tu, ya kushika umbo.

Maelekezo yangu kwa mtoto ni mafupi, na siyabadilishi:

- Chuchumaa juu ya mteremko, ukitazama bondeni.
- Viganja chini mbele ya miguu, upana wa mabega.
- Tazama kitovu chako.
- Nyoosha miguu, makalio yapande juu kuliko kichwa.
- Kunja viwiko taratibu, mabega yapokee.
- Jongoo, bembea, simama.

Kiini kipo kwenye mstari wa nne. Makalio yakipanda juu na kupita mikono, mwili unapinduka wenyewe, na kinachogusa chini kwanza ni sehemu ya nyuma ya shingo ikiwa imejikunja na sehemu ya juu ya mabega. Kisogo kinaweza kugusa nyasi kwa kupita. Utosi usiguse kabisa. Miguu nayo isikunjwe mapema. Ibaki imenyooka mpaka mabega yaguse, ndipo magoti yaje kifuani.

Namna ya kusaidia: piga magoti ubavuni mwa mtoto, mbele kidogo ya mikono yake. Mkono wako ulio karibu na kichwa uweke kisogoni, umwongoze kidevu kiingie ndani. Mkono mwingine uweke nyuma ya paja, umwinue makalio. Mkono wa kisogoni unaongoza tu. Usiisukume shingo chini hata kidogo. Nguvu yote iwe kwenye mkono wa paja. Na mwambie kabla ya kuanza utamshika wapi, ili asishtuke akageuza kichwa katikati ya safari.

*Onyo:* msisukumane kutoka nyuma. Watoto wakiwa kwenye foleni hupenda "kumsaidia" mwenzao kwa kumpiga kofi la makalio. Foleni isimame hatua tatu nyuma, wote wabingirike kuelekea upande mmoja, na mtu anayefuata asiweke mikono chini mpaka wa mbele awe amesimama na kuondoka.

6. Kubingirika kwenye uwanja tambarare. Akifanya mara tano mfululizo kwenye mteremko bila kuguswa, akiwa na sauti ya nyasi tu na kusimama bila mikono, mlete tambarare. Zoezi ni lilelile, ila sasa miguu lazima isukume yenyewe. Mwambie asukume ardhi kwa vidole vya miguu, kama anayetaka kuona mbali kwa kupitia katikati ya miguu yake. Hapa ndipo wengi hurudi nyuma kidogo, na ni sawa. Mrudishe kwenye mteremko mara mbili, kisha tambarare mara moja, ukibadilisha hivyohivyo.

Kwa kipindi kimoja, kila mtoto asizidishe mabingiriko kumi na mawili hivi, na yasizidi matatu bila kupumzika. Mtoto aliyechoka anaacha kidevu kwanza, halafu mikono.

## Msichana aliyepiga puu

Mwaka jana nilikuwa na msichana wa darasa la tatu, mrefu kwa umri wake, mwembamba, mwenye bidii. Siku ya kwanza alibembea na kila mara mgongo wake ulipiga puu. Jani lilidondoka mara ya pili tu. Nilidhani hajui kujikunja, nikamshika mgongo akiwa amekaa, nikakuta duara safi. Basi umbo alikuwa nalo, ila lilikuwa linapotea njiani.

Nikalala ubavu kwenye nyasi nimtazame kutoka usawa wake. Nikaona: alipokuwa akienda nyuma, miguu yake mirefu ilikuwa ikifunguka, magoti yakiachana na kifua, na kiuno kikilala chini kama ubao. Alikuwa anajitupa nyuma kwa nguvu nyingi kwa sababu aliogopa asingefika mabegani. Nikamwambia abembee nusu tu, asifike mabegani, afanye kidogokidogo huku anahesabu kwa sauti. Kuhesabu kukampunguzia haraka. Siku ya pili puu ikawa moja kwa kila mara tano. Siku ya tatu hakukuwa na puu, na jani lilikaa mara kumi.

Siku ya nne tulikwenda mteremkoni. Bingirika ya kwanza ilipita salama lakini alisimama kwa kujisukuma kwa mikono. Niliacha. Ukimpa mtoto marekebisho mawili kwa wakati mmoja, anapoteza yote mawili. Bingirika ya nne nikamwambia jambo moja, "Visigino!" akasimama. Siku ya tano, tambarare, akakwama amekaa kitako miguu imenyooka mbele, ananitazama. Ni ugonjwa uleule wa siku ya kwanza, miguu kufunguka, umerudi kwa mlango mwingine. Hatukuendelea na kubingirika. Tulirudi hatua ya tatu, kubembea mpaka kusimama, mara kumi. Kisha akajaribu tena tambarare na kusimama, mikono ikiwa mbele, soksi moja imemvuka nusu mguu.

Dawa ya kosa la mwisho ilikuwa kwenye hatua ya awali. Nimeona hivyo kwa watoto wengi kiasi kwamba sasa, tatizo likitokea, swali langu la kwanza ni: hatua gani ya nyuma haikukaa?

## Mambo yakienda mrama

Anatua kwa utosi. Makalio hayajapanda vya kutosha, au mikono imewekwa karibu mno na miguu. Sogeza viganja mbele kidogo, kama urefu wa unyayo wake. Kama kidevu ndicho kinachoachia, mrudishie jani. Kama viwiko vinaanguka ghafla, sungura wiki nzima. Mpaka hapo asibingirike bila msaada.

Anakwenda upande, anaangukia bega moja. Tazama mikono kwanza: mkono mmoja umetangulia au unasukuma zaidi. Chora mistari miwili ya chaki kwenye mkeka, au weka majani mawili kwenye nyasi, viganja vikae hapo. Kama mikono iko sawa, anageuza kichwa kukimbia hofu. Mtoto aliyepita kwenye judo pia anaweza kwenda upande, maana huko hufundishwa kubingirika kwa kukatiza kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili. Hajakosea, mweleze tu kwamba hapa njia ni katikati ya mgongo.

Mgongo unapiga puu. Rudi hatua ya pili. Sina njia ya mkato.

Magoti yanampiga usoni. Anajikunja mapema mno, au magoti yamebanana sana. Mruhusu aachanishe magoti kwa upana wa ngumi moja, na akumbuke kusubiri mabega yaguse ndipo akunje.

Anabingirika vizuri lakini hasimami. Visigino viko mbali, au mikono imebaki nyuma inatafuta ardhi. Simama mbele yake umpe mikono, kama kwenye hatua ya tatu. Akisimama kwa kupishanisha miguu, mwambie abane jani kati ya vifundo vya miguu wakati wa kubembea mpaka kusimama.

Anafika katikati anagoma. Usimsukume amalizie. Mguu ukishanyooka na makalio kupanda, mwache ashuke kurudi kuchuchumaa mara kadhaa, apande na kushuka tu, huku ukimshika paja. Mara nyingi hofu yake ni ile sekunde ya kutoona aendako. Akiizoea akiwa na uhuru wa kurudi, atapita mwenyewe siku anayotaka.

Kizunguzungu. Akae, atazame kitu kimoja kisichotembea, kama shina la mti. Kikipita, aendelee na kubembea tu kwa siku hiyo. Kisipopita kwa dakika chache au akitapika, amemaliza mazoezi, na mzazi aambiwe.

Analalamika shingo. Kama ni ukakamavu kidogo na anageuza kichwa pande zote mbili, apumzike siku hiyo, na wewe ujiulize kichwa chake kilibeba nini. Lakini akisema ana maumivu makali katikati ya shingo, ganzi au kutekenywa mikononi au miguuni, au hawezi kusogeza kiungo, mwache palepale alipolala. Usimkalishe, usimnyooshe shingo, usimkande, na usikubali mtu mwingine amvute. Shika kichwa chake kwa mikono miwili kisitikisike, ongea naye, na mtume mtu akaite msaada wa afya. Abebwe tu na watu wanaojua kumbeba akiwa amenyooka, shingo imezuiliwa.

Amefaulu, anataka mawili mfululizo. Mruhusu pale kusimama kwa la kwanza kukiwa thabiti, maana la pili linaanzia hapo. Asimame kabisa, apumue, achuchumae, aweke mikono, aende. Kuunganisha bila kusimama kusubiri mpaka uweze kufumba macho, ukamsikiliza, na usisikie kitu zaidi ya nyasi.